Hakimu nilimfundisha darasa la tatu, nimwamkieje mahakamani?

*Ndugu mjibu barua, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kibosho. Nimeletewa samansi ya kutoa ushahidi Mahakama ya Wilaya pale Moshi, kesi ya kijana anayeshtakiwa kuiba pampu ya maji ya jirani yangu. Nilimwona akipita nayo. Sasa nimeambiwa hakimu wa kesi hiyo ni binti niliyemfundisha darasa la tatu. Tukikutana kanisani hunipa shikamoo na kuniita mwalimu, nami humwita mwanangu. Mbele za watu nitamwamkia vipi? Nikimpa shikamoo mtoto niliyemshikisha kalamu, si nitachekwa kijiji kizima? Nikinyamaza ataona nina kiburi. Kijana wangu ananiambia niseme "Mtukufu Jaji", shemeji yangu anasema nipige magoti. Na wakili wa mshtakiwa nimwiteje, maana nasikia ni mkali? Au nimwone hakimu ofisini kwake kabla ya siku hiyo, tusalimiane yaishe?*

*Mwalimu mstaafu, Kibosho*

Mwalimu, shikamoo.

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kuiharibu kesi: usiende ofisini kwake. Usimpigie simu, wala usimtume mtu akufikishie salamu. Najua nia yako ni njema, lakini ndugu wa mshtakiwa akikuona unatoka chemba ya hakimu wiki moja kabla ya ushahidi, hatajua kwamba mlikuwa mnaulizana habari za watoto. Atamweleza wakili wao, na wakili atasimama aombe hakimu ajitoe. Jirani yako atarudi kusubiri hakimu mwingine apangwe, na pampu itaendelea kukaa stoo kama kielelezo.

Kwamba mnafahamiana si kosa, na hakuna haja ya kuficha. Moshi si mji mkubwa kiasi hicho, na hakimu aliyesoma shule za hapa atakutana na waliomfundisha, waliomuuzia ndizi na waliosali naye. Kumfahamu shahidi peke yake hakumlazimishi hakimu kuiacha kesi. Kinachotakiwa ni jambo hilo lisemwe mapema, mahali pake, na pande zote zisikie. Siku hiyo fika mapema, mtafute Wakili wa Serikali anayeendesha mashtaka, mwambie waziwazi: "Hakimu huyu nilimfundisha shule ya msingi, na tunasali kanisa moja." Yeye ndiye atakayelifikisha mahakamani kwa njia yake. Kwa kawaida hakimu atalieleza mwenyewe, aliandike kwenye mwenendo wa kesi, kisha awaulize mshtakiwa na wakili wake kama wana pingamizi. Kuendelea au kujitoa ni uamuzi wake baada ya kuwasikiliza, si jambo lako wewe kulibeba.

Ikitokea umeitwa ghafla kabla hujapata nafasi ya kumwambia mtu, liseme mwenyewe ukishakula kiapo: "Mheshimiwa Hakimu, kabla sijaanza, naomba mahakama ifahamu kwamba niliwahi kuwa mwalimu wako wa shule ya msingi." Ukishasema hivyo, nyamaza usubiri. Usiongeze kwamba alikuwa mtoto mwenye akili na mtiifu. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya karani, na nimeona mashahidi wakiharibu mambo kwa sentensi moja ya sifa waliyodhani ni adabu.

Sasa tuje kwenye shikamoo yenyewe. Jibu ni kwamba hutampa, na yeye hatakupa. Mahakamani hakuna zamu ya kuamkiana mmoja mmoja. Salamu ya pale ni ya mwili. Karani akipaza sauti "Kortiii!", watu wote wanasimama, hakimu anaingia, anainamisha kichwa, nanyi mnainamisha vichwa, anakaa, mnakaa. Hapo mmeshasalimiana. Atakayekuja kuchelewa, au atakayetoka shughuli ikiendelea, husimama kidogo mlangoni akiwa ameelekea meza ya hakimu, akainamisha kichwa, ndipo aende zake. Ni kichwa tu, Mwalimu. Magoti hayahusiki, na huyo shemeji yako mwambie kwamba mahakama haitaki mtu apige magoti. Tena heshima ile haiendi kwa binti uliyemfundisha. Ingekuwa hakimu mwingine kakaa pale, ungeinama vilevile, na hata yeye akiingia anaiinamia mahakama.

Wewe kama shahidi huenda usiyaone haya mwanzoni, kwa sababu mashahidi hukaa nje mpaka waitwe, ili wa pili asisikie alichosema wa kwanza. Kwa hiyo utaitwa jina, utaingia peke yako wakati wengine wamekaa, na macho yote yatakugeukia. Hapo ndipo mtu anapobabaika, na mdomo unakimbilia ulichozoea. Nimesikia wazee wakimwambia hakimu kijana "Hujambo mwanangu?" na vijana wakisema "Shikamoo mheshimiwa" kwa sauti ya kutetemeka. Hakuna aliyefungwa kwa hilo. Shikamoo ikikutoka, hakimu ama ataitikia marahaba ama atainamisha kichwa, na kazi itaendelea. Lililo gumu kidogo kwako ni "mwanangu". Likisikika mara moja kwa bahati mbaya litapita. Likirudiwa mara tatu, wakili wa upande wa pili atakuwa ameshalichukua, na maswali yake yataanzia hapo: "Shahidi, huyu ni mwanao?"

Yeye akikuambia "Karibu mama" au hata "Karibu mwalimu", jibu "Ahsante, Mheshimiwa" uishie hapo. Asipokukaribisha kabisa usinune. Kuna mahakimu wanaojizuia makusudi wanapomwona mtu wanayemfahamu, ili mshtakiwa aliyesimama kizimbani asihisi ameshatengwa.

Neno la kumwita ni "Mheshimiwa Hakimu", au "Mheshimiwa" peke yake ukishazoea. Halina mwanamke wala mwanamume, halijali umri, na linafaa kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama ya Hakimu Mkazi. Jaji ni wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na huko utasema "Mheshimiwa Jaji". Kesi yako iko wilayani, kwa hiyo una hakimu. Ukikosea ukamwita jaji utakuwa umempandisha cheo tu, wala usirudi nyuma kusahihisha na kuomba radhi katikati ya sentensi. Hilo la "Mtukufu" kijana wako amelitoa kwenye runinga, na huku kwetu halihitajiki. Kuna sehemu moja tu ambapo watu wa Kilimanjaro huchanganyikiwa kwa haki, nayo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa kuwa kesi za mipaka ya vihamba huishia pale. Anayekaa pale ni mwenyekiti, naye huitwa "Mheshimiwa Mwenyekiti".

Wasomaji wa Arusha nao wameshaniuliza jambo linalofanana na hili, kwa sababu pale kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki ngazi kadhaa za mahakama ziko ndani ya jengo moja, na mtu anaweza kupita mlango wa hakimu akaingia kwa jaji asitambue. Samansi yako imeandikwa juu kabisa jina la mahakama. Soma pale. Ukishindwa, muulize karani wa mlangoni, hiyo ni kazi yake.

Ukishaingia kizimba cha shahidi utaulizwa dini yako, utapewa Biblia mkononi, na utaongozwa kiapo neno kwa neno. Asiye Mkristo, na asiyetaka kuapa kwa dini, wanaruhusiwa kuthibitisha badala ya kuapa. Baada ya hapo hakimu ataandika jina lako, umri, kazi, makazi na dini. Usishangae akikuuliza jina ambalo amelijua tangu utotoni. Lazima litoke mdomoni mwako ndipo liandikwe, kwa hiyo usimjibu "si unanijua". Mjibu kama karatasi ya mtihani, jina lote. Na kama magoti yanakusumbua, sema hapohapo: "Mheshimiwa, naomba kutoa ushahidi nikiwa nimekaa." Utapewa kiti. Hilo ni ombi la kawaida kwa mtu wa umri wako.

Sasa nikueleze jambo ambalo walimu hulikosea kuliko watu wengine wote, na nalisema kwa heshima. Wakili wa Serikali ndiye atakayeanza kukuuliza, naye atakuwa amesimama upande mmoja. Utajisikia kumgeukia na kumjibu yeye, kama unavyomjibu mtu anayezungumza nawe. Sikiliza swali kwake, lakini jibu ukiwa umemwelekea hakimu. Yeye ndiye anayepima unachosema, na mara nyingi ndiye anayekiandika kwa mkono wake. Tazama kalamu. Ikiwa inakimbia, simama. Ikitulia, endelea. Shahidi anayemwaga maneno hupoteza nusu ya ushahidi wake kwenye karatasi, na kesi ikikatiwa rufaa kitakachosomwa ni hicho kilichoandikwa tu. Wewe umezoea kuandikisha imla, basi hiyo ndiyo kasi inayotakiwa.

"Mheshimiwa" usiipachike kwenye kila sentensi. Weka mwanzoni mwa jibu la kwanza, unapoomba kitu, na unapojibu swali aliloliuliza hakimu mwenyewe. Katikati eleza tu. Mazungumzo yenu yanaweza kwenda hivi:

"Shahidi, ieleze mahakama siku ile jioni uliona nini."

"Mheshimiwa Hakimu, nilikuwa barazani kwangu, jua bado halijazama. Nilimwona kijana akipita njiani amebeba pampu ya maji begani."

"Kutoka ulipokaa mpaka njiani ni umbali gani?"

"Kama kutoka hapa niliposimama mpaka ule mlango."

"Kijana huyo ulikuwa unamfahamu?"

"Namfahamu. Nyumba yao iko chini ya kwetu, na huwa anapita pale kila siku."

"Yupo hapa mahakamani?"

"Yupo. Ni yule aliyesimama kizimbani, mwenye shati la bluu."

Angalia mambo mawili katika hayo. La kwanza, shahidi hajamwita kijana "mwizi". Kama mwizi ni nani, hilo ndilo mahakama imekaa kuamua. Wewe unamwita mshtakiwa, au kwa jina lake, au yule kijana. Ukisema "yule mwizi", wakili wake atakuuliza: "Kwa hiyo wewe ulishamhukumu kabla ya kuja hapa?" na utakosa jibu zuri. Najua kwako itakuwa vigumu, maana jirani yako amelia mbele yako na hasira bado iko. La pili, umbali ameuonyesha kwa kitu kilichomo ndani ya chumba. Kama huna uhakika wa mita, usizitaje. Hakimu ataukadiria mwenyewe kwa macho na kuuandika.

Kuhusu wakili wa mshtakiwa, mwite "wakili", au "Mheshimiwa Wakili" ukipenda. Utawasikia wao kwa wao wakiitana "msomi mwenzangu", hayo ni ya kwao, wewe yaache. Maswali yake yanaitwa ya dodoso, na kazi yake ni kuutikisa ushahidi wako. Ukali wake usiuchukulie kama matusi. Atakuambia macho ya mtu wa umri wako hayaoni vizuri jioni, atakuuliza miwani uliiacha wapi. Atakuuliza pia, na hili lina uhakika kama atakuwa amejua, kama hukuja pale kwa kutegemea kwamba hakimu ni mwanafunzi wako. Usimgeukie binti kutafuta msaada, wala usicheke. Sema: "Nimekuja kwa sababu nimeletewa samansi," kisha nyamaza.

Watu wazima, na hasa walimu, hushindwa kuvumilia kijana anayewahoji kwa kidole. Majibu ya "hebu nisikilize wewe mtoto" au "unanifundisha kazi?" nimeyasikia, na kila mara anayeumia ni shahidi, kwa kuwa hakimu analazimika kumwonya mbele ya watu. Hata binti yako wa darasa la tatu itabidi akuonye, na kwake itakuwa aibu zaidi kuliko kwako. Kutoa lugha ya dharau kesi ikiendelea ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, ingawa mahakimu wengi huanza na onyo. Wakili akivuka mpaka, njia unayo: "Mheshimiwa Hakimu, swali hilo sikulielewa, naomba lirudiwe," au "Mheshimiwa, naomba nimalize jibu langu." Maneno hayo mawili yanatosha karibu kila hali. Na ukisikia Wakili wa Serikali amesimama na kusema ana pingamizi, funga mdomo palepale, hata kama jibu lako tamu liko kwenye ncha ya ulimi. Hakimu ataamua kama ujibu au usijibu, kisha atakuangalia.

Swali likiwa la ndiyo au hapana, jibu ndiyo au hapana, na kama linahitaji maelezo omba kuyaongeza. Usilolijua sema hulijui, ulilolisahau sema umelisahau. Mwalimu hapendi kusema "sijui" mbele ya darasa, lakini pale kizimbani jibu hilo halikupunguzii kitu, na la kubahatisha ndilo linalokukamatisha.

Lugha isikutishe. Mahakama ya Mwanzo imetumia Kiswahili miaka yote, na kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama za juu yake pia. Ukiwasikia mawakili wanadondosha Kiingereza kati yao, usiwafuate. Na kama yupo mzee mwenzako katika kesi hiyo anayejieleza vizuri kwa Kichaga tu, mwambieni Wakili wa Serikali mapema ili mahakama itafute mkalimani. Asimgeukie hakimu na kumsemesha Kichaga kwa kuwa anajua ni mtoto wa nyumbani. Mshtakiwa na wakili wake wana haki ya kuelewa kila neno linalosemwa pale.

Mavazi nayagusa tu: kitenge chako cha kanisani kinafaa, kilemba hakina tatizo, simu izime kabisa kabla ya kuingia, maana ikilia kwaya pale ndani utatozwa maneno.

Ukimaliza, hakimu atakuambia uko huru kuondoka. Hapo inamisha kichwa, sema "Ahsante Mheshimiwa", toka. Usisimame kuaga.

Jumapili mtakutana kanisani na hukumu bado haijatoka. Akikupa shikamoo mwalimu, itikie marahaba kama siku zote, kule mambo yamerudi mahali pake. Lakini muishie kwenye salamu, mbele za watu, bila kwenda kando chini ya mti. Asipokusogelea kabisa kwa miezi hiyo, mwache, anajilinda na anakulinda wewe. Jirani yako akikuomba umnong'oneze binti neno moja kuhusu pampu yake, mwambie aende kwa Wakili wa Serikali.

Na ukitoka chumba cha mahakama siku hiyohiyo, usikae kwenye benchi la koridoni na shahidi anayesubiri zamu ukamsimulia ulichoulizwa na ulivyojibu. Nenda kwa karani, muulize kuhusu posho ya shahidi na nauli, kisha panda hiace urudi Kibosho.